Pesa ya mkurugenzi ndani ya kampuni: deni au mtaji?

Chukua kampuni ndogo ya kutengeneza mifuko ya karatasi, Kariobangi Light Industries. Wenye hisa ni wawili na wote ni wakurugenzi: mmoja ana hisa 600, mwenzake 400, kila hisa Sh100. Mwaka 2025 mashine mpya ilihitajika, na yule mwenye hisa 600 akatoa Sh6,000,000 zake. Pesa ikaingia kwenye akaunti ya kampuni, mashine ikanunuliwa, na mhasibu akaandika kwenye leja "Akaunti ya Mkurugenzi". Sasa hesabu za tarehe 31 Desemba 2025 zinafungwa na mkaguzi anauliza swali moja: hii milioni 6 ni deni la kampuni, au ni mtaji wa wenyewe?

Wengi hujibu kwa nia. "Huyu hana haraka na pesa yake, ni mtaji tu." Au hujibu kwa jina: imeandikwa mkopo, basi ni mkopo. Majibu yote mawili hayasaidii. Viwango vya uhasibu tunavyotumia Kenya, yaani IAS 32 kwa wanaofuata IFRS kamili na Sehemu ya 22 kwa wanaofuata kiwango cha IFRS cha kampuni ndogo na za kati, huangalia jambo moja kwanza: je, kampuni ina haki ya kukataa kulipa, bila masharti, mpaka yenyewe itakapoamua? Kama inaweza kukataa, ni mtaji. Kama kuna siku au hali ambayo mkurugenzi anaweza kusema "nipe pesa yangu" na kampuni ikabanwa na mkataba, ni deni, hata kama mkurugenzi huyo ni mtu mpole asiyedai kamwe.

Vifungu vitatu, mizania tatu

Tofauti yote iko katika sentensi moja ya mkataba. Hebu tulinganishe njia tatu ambazo milioni 6 hiyo hiyo ingeweza kuandikiwa.

Ya kwanza: "Kampuni italipa Sh6,000,000 mkurugenzi atakapoidai." Hili ni deni, na ni deni la muda mfupi, kwa sababu anaweza kulidai kesho asubuhi. Hii ndiyo hali ya kampuni nyingi hata zisipokuwa na mkataba wowote. Pesa ikitolewa bila maandishi, bila tarehe ya kulipa na bila azimio la bodi, ni vigumu kumshawishi mkaguzi kwamba si pesa ya kudaiwa wakati wowote.

Ya pili: "Kampuni italipa Sh6,000,000 tarehe 31 Desemba 2028, bila riba." Hili pia ni deni, lakini la muda mrefu, na lina jambo ambalo wahasibu wengi hulisahau. Mkopo wa miaka 3 usio na riba hauna thamani ya milioni 6 leo. Tuseme benki ingeikopesha kampuni hii kwa riba ya 14% kwa mwaka. Thamani ya leo ni:

```
6,000,000 / 1.14^3 = 4,049,829
```

Kwa hiyo deni linaingia kwenye vitabu kwa Sh4,049,829. Ile Sh1,950,171 iliyobaki ni faida ambayo kampuni imeipata kwa kukopeshwa bure, na kwa kuwa aliyeitoa ni mwenye hisa, akifanya hivyo kama mwenye hisa, huandikwa kama mchango wake kwenye mtaji. Isiandikwe kama mapato. Kosa la kuipitisha kwenye hesabu ya faida na hasara ni la kawaida, na huonyesha faida ambayo haikuletwa na mfuko hata mmoja uliouzwa. Mkopo mmoja, basi, unakaa sehemu mbili za mizania: kwenye madeni na kwenye mtaji.

Ya tatu: "Bodi ya kampuni inaweza kulipa kiasi chochote, wakati wowote, ikiamua yenyewe, mkurugenzi hana haki ya kudai isipokuwa kampuni ikifungwa na kufilisiwa." Huu ni mtaji wote. Maneno "isipokuwa kampuni ikifungwa" hayauharibu, kwa sababu IAS 32 haihesabu kama deni malipo ambayo huja wakati wa kufilisiwa tu. Maneno ya kuangalia kwa jicho kali ni "bodi ikiamua yenyewe". Uamuzi lazima uwe wa kampuni, unaopitishwa kwenye kikao na kuandikwa. Kifungu kikisema "mkopeshaji akiona inafaa", uamuzi umehamia kwake na mtaji umegeuka deni.

Sasa tuweke njia zote tatu juu ya mizania moja. Mali yote ya kampuni ni Sh milioni 14, na kati ya hiyo milioni 5 ni mali ya muda mfupi: karatasi ghalani, wateja ambao hawajalipa, na salio la benki. Benki inadai milioni 3, na milioni 1 ya hiyo lazima ilipwe ndani ya mwaka. Wauzaji wa karatasi wanadai milioni 2.5. Mtaji wa hisa ni Sh100,000 na faida iliyolimbikizwa ni milioni 2.4. Takwimu ni za milioni za shilingi, na athari ya kodi iliyoahirishwa tumeiacha pembeni.

| | Ya kudaiwa wakati wowote | Ya miaka 3, bila riba | Kampuni ikiamua yenyewe |
|---|---|---|---|
| Madeni yote | 11.5 | 9.55 | 5.5 |
| Mtaji wote | 2.5 | 4.45 | 8.5 |
| Deni kwa kila shilingi 1 ya mtaji | 4.60 | 2.15 | 0.65 |
| Madeni ya muda mfupi | 9.5 | 3.5 | 3.5 |

Angalia mstari wa mwisho. Katika njia ya kwanza, kampuni ina mali ya muda mfupi ya milioni 5 na madeni ya muda mfupi ya milioni 9.5. Mkaguzi akiona hivyo lazima aulize kama kampuni itaweza kuendelea na kazi kwa miezi 12 ijayo, na ataomba ushahidi. Afisa mikopo wa benki hatauliza hata, atafunga faili. Mashine ni ile ile, pesa ni ile ile, na wateja hawajabadilika.

Njia ya pili ina kazi ya ziada kila mwaka. Lile deni la Sh4,049,829 hukua kwa 14%: mwaka 2026 huongezeka Sh566,976, mwaka 2027 Sh646,353, na mwaka 2028 Sh736,842, mpaka lifike milioni 6 siku ya kulipwa. Nyongeza hizo huandikwa kama gharama ya riba ingawa hakuna anayelipwa riba. Kwa kuwa hakuna mtu aliyelipwa wala anayedai riba hiyo, kwenye hesabu ya kodi mhasibu huirudisha juu ya faida. Asipofanya hivyo, kampuni itakuwa imejipunguzia kodi kwa gharama ya kubuni, na swali litakuja.

Makaratasi yanayodhaniwa kugeuza deni kuwa mtaji

La kwanza ni barua ya mwezi wa Machi. Hesabu za Desemba ziko mezani, mkaguzi ameona hilo shimo la milioni 4.5, na mkurugenzi anaandika barua haraka: "Sitadai pesa yangu kwa miezi 18." Barua hiyo humsaidia mkaguzi katika swali la kampuni kuendelea na kazi, lakini haibadilishi mizania ya Desemba. IAS 1, kama ilivyorekebishwa kuanzia 1 Januari 2024, inataka haki ya kuahirisha malipo iwepo tarehe ya mizania yenyewe, na iwe ya angalau miezi 12 baada ya hapo. Kwa mwaka unaoishia 31 Desemba 2025, ahadi lazima iwe imetiwa sahihi kabla ya siku hiyo kwisha, na imfunge mkopeshaji mpaka 31 Desemba 2026 ipite. Hata ikitimiza yote hayo, inachofanya ni kulihamisha deni kutoka muda mfupi kwenda muda mrefu. Bado ni deni.

La pili ni mkataba ambao benki huutaka kabla ya kutoa mkopo wake: mkurugenzi akubali kulipwa nyuma ya benki. Watu husoma "nyuma ya benki" kama "mtaji". Sivyo. Kusimama nyuma kwenye foleni ni tofauti na kutokuwa kwenye foleni. Deni lililowekwa nyuma ni deni mpaka mkataba useme kampuni inaweza kukataa kulipa kabisa. Benki yenyewe, ikipiga mahesabu yake ya ndani, inaweza kulihesabu kama mtaji, na hiyo ni hiari yake. Mizania haifuati fomula ya benki.

La tatu si karatasi, ni tabia. Mkataba unasema bodi ndiyo huamua, lakini taarifa za benki zinaonyesha Sh80,000 ikimwendea mkurugenzi kila tarehe 5, miezi 12 mfululizo, bila azimio hata moja. Mkaguzi atauliza pesa hiyo ni nini. Kama jibu ni "anarudishiwa kidogo kidogo", basi kuna makubaliano mengine ambayo hayakuandikwa, na yale yaliyoandikwa hayana nguvu ya kuyafunika. Mtaji hautoki kwa M-Pesa kila mwezi.

Kuna pia ahadi ya hisa. Mkataba unaosema "pesa hii italipwa kwa hisa 2,400" na hauna njia ya kurudisha taslimu ni mtaji, kwa sababu kiasi cha pesa na idadi ya hisa vyote vimefungwa. Unaosema "italipwa kwa hisa zenye thamani ya Sh6,000,000 siku hiyo" ni deni, kwa kuwa hapo hisa zinatumika kama noti za kulipia. Na pesa iliyopokelewa "kusubiri hisa", ambayo hurudishwa hisa zisipotolewa, hukaa kwenye madeni mpaka kampuni ipoteze wajibu wa kuirudisha.

Upande wa yule mwenye hisa 400

Ukishasema ni mtaji, unazuka mjadala ambao kampuni za watu wawili huukwepa mpaka uwachome: hisa mpya zinatolewa au hazitolewi, na kwa bei gani?

Kampuni yetu, kabla ya milioni 6 kuhesabiwa kama mtaji, ilikuwa na mtaji wa milioni 2.5 kwa hisa 1,000, yaani Sh2,500 kwa hisa moja kufuatana na vitabu. Milioni 6 kwa bei hiyo ni hisa mpya 2,400. Aliyekuwa na 600 anafika 3,000 kati ya 3,400, sawa na 88.2%. Mwenzake anashuka kutoka 40% hadi 11.8%. Inauma, lakini thamani ya hisa zake haijaguswa: 400 mara Sh2,500 bado ni milioni 1.

Mwanasheria mwenye haraka hutumia bei ya kwenye cheti, Sh100. Hapo milioni 6 zinazaa hisa 60,000, na yule mwenye 400 anabaki na chini ya 0.7% ya kampuni aliyoianzisha. Kesi za wanahisa huanzia hapa. Kwa Sh2,500, vitabu huonyesha Sh240,000 kwenye mtaji wa hisa na Sh5,760,000 kwenye akaunti ya ziada juu ya bei ya hisa.

Na pesa ikiachwa kama mchango bila hisa yoyote, mizani inalalia upande mwingine: mwenye 40% amepata sehemu yake ya milioni 6 bila kutoa senti, sawa na milioni 2.4. Mtoaji awe anajua hilo siku anapotia sahihi, asije akaligundua siku ya kuachana.

Kodi: riba na gawio

Kama ni deni lenye riba, tuseme 12%, kampuni inamlipa mkurugenzi Sh720,000 kwa mwaka. Mkopo uliotumika kununua mashine ya biashara huifanya riba hiyo kuwa gharama halali ya kodi, kwa hiyo kwa kampuni inayolipa 30% kodi hupungua Sh216,000. Kabla ya kumlipa mkurugenzi mkaazi wa Kenya, kampuni inakata kodi ya zuio ya 15%, Sh108,000, na kuiwasilisha KRA ndani ya siku 5 za kazi. Mkurugenzi naye huiingiza riba hiyo kwenye ritani yake ya mwaka, maana si sawa na riba ya akaunti ya benki ambako makato hayo humaliza mambo.

Kama ni mtaji, malipo ni gawio. Kodi ya zuio kwa mkaazi ni 5% tu, na kwake inaishia hapo. Lakini gawio hutoka kwenye faida ambayo tayari imelipiwa kodi ya kampuni, na si gharama ya kupunguza kodi. Mtu anayelinganisha 15% na 5% peke yake ameangalia nusu ya hesabu.

Mkurugenzi akiwa anaishi nje ya Kenya, mahesabu haya yote hubadilika, hata mkopo usio na riba. Hapo usisaini chochote kabla ya kumwona mshauri wa kodi.

Kuitoa pesa tena

Hili ndilo ningelipima kwanza kama pesa ingekuwa yangu. Deni hurudi kwa kulipwa: tarehe inafika, benki inahamisha, leja inafungwa, na kurudishiwa pesa uliyokopesha hakukatwi kodi. Mtaji hauna mlango rahisi. Sheria ya Makampuni ya 2015 inaruhusu gawio kutoka kwenye faida tu, na kampuni yetu ina faida iliyolimbikizwa ya milioni 2.4, ambayo mwenye hisa 400 naye ana fungu lake. Kupunguza mtaji wa hisa kunawezekana, lakini kwa azimio maalumu na utaratibu wa kuwalinda wadai wa kampuni, si kwa kuandika hundi.

Kampuni ikianguka, tofauti ni kali zaidi. Mwenye deni lisilo na dhamana anasimama pamoja na wauzaji wa karatasi. Mwenye mtaji anasubiri mpaka wote walipwe, na mara nyingi hakuna kinachobaki.

Ndiyo maana, kwa kampuni ya namna hii, chaguo langu ni deni la miaka 3 lililoandikwa, lenye riba inayokaribia ya benki. Riba ya soko huondoa ule mgawanyo wa Sh4,049,829 na Sh1,950,171, mizania haina shimo la muda mfupi, na mwenye hisa 400 hapunguzwi. Mtaji unafaa kwa hali mbili: benki imesema wazi kwamba haitakopesha mpaka mtaji uongezeke, au mkurugenzi kweli hatarajii kuiona pesa hiyo tena isipokuwa kwa gawio. Kinachobaki, yaani pesa isiyo na maandishi, ni chaguo baya kuliko yote ingawa ndilo la kawaida.

Makaratasi ya kila njia

Kwa deni: azimio la bodi linalotaja kiasi, sababu, riba na tarehe ya kulipa, huku mkurugenzi mkopeshaji akitangaza maslahi yake kwenye kikao, mkataba uliotiwa sahihi na pande zote mbili, upande wa kampuni ukisainiwa na yule mkurugenzi mwingine, na taarifa ya benki inayoonyesha pesa ikitoka kwenye akaunti yake na kuingia ya kampuni. Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Mkaguzi wa kodi akikuta milioni 6 zimeingia bila maelezo, anaweza kuzihesabu kama mauzo yaliyofichwa, na chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wa mlipa kodi. Pesa iliyowekwa taslimu kaunta, vipande vipande, ni ngumu kuithibitisha miaka miwili baadaye.

Kwa hisa: azimio la kutoa hisa na bei yake, ridhaa ya mwenye hisa mwingine kwa maandishi, taarifa kwa Msajili wa Makampuni kupitia eCitizen ndani ya mwezi mmoja tangu hisa kutolewa, daftari la wanahisa kusahihishwa, kisha CR12 mpya, ile karatasi ya Msajili inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa, ichukuliwe ili kuhakikisha 3,000 na 400 ndizo zinazosomeka.

Njia yoyote, ile "Akaunti ya Mkurugenzi" ivunjwe. Mara nyingi ndani yake mna mkopo, mshahara ambao haujalipwa, mafuta ya gari aliyolipia mwenyewe na pesa alizochukua za karo, vyote vikikatana mpaka salio halimaanishi kitu. Fungua akaunti moja ya mkopo peke yake, nyingine ya mshahara anaodai, na ya tatu ya alichochukua. Kisha salio la mkopo lilinganishwe na mkataba, shilingi kwa shilingi, mkurugenzi alithibitishe kwa sahihi yake kila 31 Desemba, na litajwe kwenye maelezo ya hesabu kama shughuli na mtu wa ndani, liwe deni au mtaji.